Kebo ya mita 14 kwenye korido ya watu wote: uchambuzi wa barua moja ya kuomba ruhusa

Jengo liko Tudor, Mombasa, lina ghorofa nne, na mwenye nyumba ni mmoja. Mpangaji tunayemzungumzia amekodi milango miwili katika ghorofa ya pili. Nambari 3 ni nyumba ya vyumba viwili, anakaa na mumewe na watoto. Nambari 7 ni bedsita iliyo mwisho wa korido, upande wa pili, na humo anakaa babake mzazi ambaye miguu imemchoka. Faiba imeingia nambari 3 na ruta iko sebuleni hapo. Runinga ya mzee iko nambari 7. Mzee anapenda kufuata sala za Makka moja kwa moja na kusikiliza habari za usiku, lakini kila baada ya dakika chache picha huganda na duara huanza kuzunguka.

Binti yake aliandika barua kwa meneja wa jengo. Nainukuu yote, kwa idhini yake:

"Bwana Meneja, naomba ruhusa ya kupitisha waya wa intaneti kwenye korido kutoka nyumba nambari 3 mpaka nambari 7 kwa ajili ya TV ya baba yangu. Fundi atakuja Jumamosi. Asante."

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu: nyaya haziruhusiwi kwenye korido. Hapo ndipo aliponiita mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuvuta nyaya za mitandao, akiniuliza kama kuna njia ya kuupitisha kimyakimya juu ya dari. Nilimwambia hakuna, na kwamba mimi mwenyewe ningekuwa meneja ningemkatalia barua ile.

Meneja hamiliki korido. Anaitunza kwa niaba ya mwenye jengo, na anaitunza kwa ajili ya kila anayepita. Barua ile ilimweleza shida ya mzee, lakini haikumjibu hata swali moja kati ya yale anayowajibika kuyajibu yeye. Waya huo unabeba stima au la? Utapita chini ambapo mtoto atajikwaa, au juu? Ukuta utatobolewa wapi, na nani ataziba? Moto ukizuka, waya huo utamfanya nini mtu anayekimbia? Mpangaji akihama, nani atautoa? Na la kumsumbua zaidi: akimruhusu huyu, wa nambari 5 na wa nambari 8 wakija kesho na nyaya zao atawaambia nini? Kwake yeye "hapana" ilikuwa rahisi na salama. Kazi ya barua ya pili ilikuwa kuifanya "ndiyo" iwe salama vilevile.

Kabla ya kuandika tena tulihakikisha kwanza kwamba barua inakwenda kwa mwenye uwezo. Jengo hili lina mwenye mmoja na meneja ni ajenti wake, kwa hiyo meneja akishauriana na mwenye jengo, ruhusa imekamilika. Ingekuwa jengo ambalo nyumba zimeuzwa mojamoja chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, mambo yangekuwa tofauti. Huko korido ni mali ya pamoja ya wenye nyumba zote, na inasimamiwa na shirika lao. Meneja wa jengo la namna hiyo ni mwajiriwa wa shirika, na barua hupitia kwake tu ili ifike kwa kamati. Mpangaji naye humwandikia kwanza mwenye nyumba yake. Keateka, hata awe mwungwana kiasi gani, hana uwezo wa kuruhusu, na ruhusa yake ya mdomo ndiyo inayozaa ugomvi baadaye.

La pili lilikuwa kuthibitisha kwamba kebo inahitajika kweli. Meneja yeyote atauliza kwa nini msitumie waifai, na ni swali la haki. Tulisimama na simu pale pale ilipo runinga ya mzee tukapima. Waifai ya gigahezi 5 haikuonekana kabisa. Ya gigahezi 2.4 ilionekana, lakini kasi ilipanda na kushuka kati ya megabiti 1 na 4 kwa sekunde, wakati sebuleni, karibu na ruta, tulipata 20, ambayo ndiyo wanayolipia. Picha safi ya HD kamili inataka kama megabiti 5 zisizokatika. Sababu ilikuwa wazi mbele ya macho yetu: kati ya ruta na runinga kuna kuta tatu za mawe na nguzo ya zege yenye nondo. Mawimbi ya gigahezi 5 hufa upesi katika kuta kama hizo, na yale ya 2.4 yanagombaniwa na ruta za majirani wote wa ghorofa hiyo.

Mtu anaweza kuongeza kifaa cha kurudisha waifai katikati, lakini katikati ya safari hii ni korido yenyewe, na kifaa kinataka soketi ya stima. Tungekuwa tumeomba jambo kubwa zaidi. Vipo pia vifaa vinavyopitisha intaneti ndani ya nyaya za stima. Hivyo hufanya kazi vizuri ndani ya nyumba yenye mita moja ya stima. Nambari 3 na nambari 7 zina mita mbalimbali, na ishara ikilazimika kupita mita mbili hudhoofika au hupotea. Haya yote tuliyaweka kwenye barua kwa sentensi mbili tatu tu, kwa sababu meneja hataki somo. Anataka kujua kwamba njia nyingine zilifikiriwa.

Kisha njia ya kebo. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na nadhani ndipo barua iliposhindia. Binti alikuwa amefikiria kebo itoke juu ya mlango wake, ivuke korido hewani, kisha ifuate ukuta wa upande wa mzee. Nilipinga. Kitu chochote kinachovuka korido juu ya vichwa vya watu ndicho cha kwanza kulegea, na ndicho meneja atakachokiona kila akipanda ngazi. Pia upande wa mzee ndio wenye bomba la nyaya za taa na kabati la mpira wa zimamoto. Tukapima njia nyingine: kebo itoke juu ya mlango wa nambari 3, ifuate ukuta wa upande huohuo kwa mita 11.5 hadi ukuta wa mwisho, igeuke na kuambaa ukuta huo kwa mita 1.5, ambao ndio upana wa korido, kisha irudi mita 1 tu upande wa pili na kuingia nambari 7. Jumla ni mita 14 ndani ya korido, zote ukutani, kimo cha mita 2.4, juu ya vizingiti vya milango. Haikaribii ngazi, haigusi kabati la zimamoto, na inakutana na bomba la nyaya za taa mahali pamoja tu, ambapo inalivuka kwa pembe mraba. Hiyo pembe ina sababu yake: kebo ya mtandao ikilazwa sambamba na nyaya za stima kwa masafa marefu hupokea kelele zake, na fundi wa stima atakayekuja baadaye anaweza kuichanganya na zake.

Ukuta wa mwisho una matundu ya hewa yanayotazama upande wa bahari. Wakati wa kusi mvua huingia hapo, na upepo wa chumvi huingia mwaka mzima. Hilo liliamua vifaa. Vibanio vya chuma cha kawaida vingeota kutu na kuchirizisha alama nyekundu kwenye rangi ya ukuta, kwa hiyo tuliandika vya chuma kisichoshika kutu.

Kwa nini vibanio vya chuma hata kidogo, wakati mfereji wa plastiki wa kufichia kebo una gundi yake nyuma? Kwa sababu ya moto. Korido ni njia ya kukimbilia. Moto ukiwaka, moshi wa joto hukusanyika juu, hasa pale tunapotaka kuweka kebo. Gundi huachia, plastiki huyeyuka, na kebo huanguka ikining'inia kama mtego wa samaki mbele ya mtu anayetambaa gizani. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2010, katika jengo la Shirley Towers mjini Southampton, Uingereza, wazimamoto wawili walifariki, na nyaya zilizoanguka kutoka kwenye mifereji ya plastiki zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowazuia. Baadaye kanuni za nyaya za nchi hiyo zikataka nyaya zifungwe kwa namna ambayo hazitaanguka mapema wakati wa moto. Hata tukiziweka kanuni hizo kando, moto wa Tudor na wa Southampton unayeyusha plastiki ileile. Kwa hiyo ndani ya mfereji kebo ingeshikwa na kibanio cha chuma kila nusu mita, kwa skrubu, vibanio kama 30 kwa njia yote. Nayo kebo yenyewe iwe ile yenye ganda lisilotoa moshi mwingi wala gesi kali, iliyoandikwa LSZH ubavuni. Maduka mengi huweka ya PVC tu, kwa hiyo ni vyema kuulizia kabla ya kuahidi kwenye barua.

Kuhusu kebo nitaongeza jambo ambalo meneja hakulihitaji lakini mpangaji analihitaji sana. Runinga nyingi, hata za bei, zina tundu la mtandao lisilozidi megabiti 100 kwa sekunde. Kebo ya Cat 5e inatosha na kubaki, na umbali wote hapa, pamoja na vipande vya ndani ya nyumba, haukufika mita 30 wakati kikomo ni 100. Kwa hiyo usinunue namba kubwa, nunua shaba. Kuna kebo zinazouzwa kwa jina la Cat 6 ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba, wakati mwingine zimeandikwa CCA na wakati mwingine hazikuandikwa chochote. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Kwa hewa ya chumvi alumini hiyo huliwa pale kwenye plagi, na baada ya miezi runinga huanza kupoteza mtandao bila sababu inayoonekana. Tena chagua isiyo na ganda la foili. Nyumba hizi mbili zina mita tofauti na huenda ardhi ya stima yao isiwe sawa, na foili inaweza kuunganisha vyombo vya nyumba hii na vya nyumba ile kwa njia isiyotakiwa.

Mwisho, matundu. Mafundi wengi hutoboa tundu la milimita 15 au zaidi ili plagi ipite. Kebo yenyewe ina unene wa milimita 6 hivi. Ukiipitisha tupu na kubana plagi baada ya kuvuka ukuta, tundu la milimita 8 linatosha. Kwa meneja tofauti hiyo ni kubwa: tundu dogo huzibika vizuri, moshi haupiti, mende hawapiti, na siku ya kuondoka halionekani.

Barua ya pili ilitoka hivi:

"Kwa Meneja wa Jengo,

KUH: OMBI LA KUPITISHA KEBO MOJA YA MTANDAO KATIKA KORIDO YA GHOROFA YA PILI

Bwana Meneja,

Assalamu alaikum. Mimi ni mpangaji wa nyumba nambari 3 na nambari 7. Naomba ruhusa ya maandishi, yako na ya mwenye jengo, ya kupitisha kebo moja ya mtandao kati ya nyumba hizi mbili, ili runinga ya baba yangu aliye nambari 7 ipate intaneti ninayoilipia nambari 3. Kebo haibebi stima, na haitahudumia mtu mwingine yeyote.

Tumepima waifai nambari 7 na haitoshi kwa sababu ya kuta. Kifaa cha kuongeza waifai kingehitaji soketi ndani ya korido, na vifaa vya kupitia nyaya za stima havifai kwa kuwa nyumba hizi zina mita mbili.

Kebo itapita ukutani, kimo cha mita 2.4, kwa urefu wa mita 14, kama inavyoonekana kwenye mchoro na picha nilizoambatisha. Haitavuka korido hewani, haitapita sakafuni, na haitagusa kabati la zimamoto wala ngazi. Bomba la nyaya za taa italivuka mahali pamoja tu. Itakuwa ndani ya mfereji mweupe wa milimita 16, na itashikwa kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu ili isianguke wakati wa moto. Ganda lake ni la aina isiyotoa moshi mwingi.

Matundu ni mawili, la milimita 8 kila moja, juu ya mlango wa nambari 3 na juu ya mlango wa nambari 7. Yatazibwa siku hiyohiyo.

Kazi itachukua asubuhi moja, siku na saa utakayoichagua, keateka akiwepo. Gharama zote ni zangu. Nitaiondoa kebo, kuziba matundu na kupaka rangi nitakapohama mojawapo ya nyumba hizi, au ndani ya siku 14 ukinitaka kwa maandishi. Uharibifu wowote utakaotokana na kazi hii uko juu yangu.

Kama kuna mfereji wa jengo ambao ungependa tuutumie badala ya huu, nitaufuata.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, nyumba nambari 3 na 7"

Sentensi ya mwisho kabla ya sahihi niliisisitiza mimi. Meneja huenda anajua kitu ambacho fundi hakioni kutoka nje, na ukimwachia nafasi ya kurekebisha njia, anakuwa amekwisha kuingia katika kupanga kazi badala ya kupinga.

Nayo ahadi ya kwamba kebo haitahudumia mtu mwingine haikuwa ya kupamba. Kugawa intaneti kwa majirani kwa malipo ni jambo ambalo mikataba ya watoa huduma kwa kawaida hulikataza, na meneja akisikia kebo inatoka nyumba moja kwenda nyingine, hilo ndilo hulishuku kwanza. Ndiyo maana barua inaanza kwa kusema nyumba zote mbili ni za mpangaji mmoja.

Meneja alijibu kwa maandishi baada ya kuzungumza na mwenye jengo. Alikubali kwa masharti mawili. Mfereji uwe wa ukubwa wa kuingia kebo nne, ubaki mali ya jengo, ili mpangaji mwingine akiomba apitishe humohumo badala ya kuweka mfereji wa pili. Na kebo iwe na lebo ya nambari za nyumba kila mwisho na kwenye kona ya ukuta wa mwisho. Binti alilalamika kidogo kwamba anawanunulia majirani mfereji. Nikamwambia, dada, tofauti ya bei ni ndogo, na hapo amekujibia lile swali la nambari 5 na nambari 8 lililomfanya akatae mwanzo. Tukabadilisha mfereji kutoka milimita 16 hadi 25 kwa 16, na kile kifungu cha kuondoa kikarekebishwa: mpangaji anaondoa kebo yake, mfereji unabaki.

Siku ya kazi keateka alinizuia mlangoni, maana alikuwa amezoea kuambiwa nyaya haziruhusiwi. "Mzee wangu," nilimwambia, "soma hii," nikampa nakala yenye sahihi. Akaisoma yote, akaenda kuniletea ngazi. Nakala hiyo ichapishwe, isibaki kwenye simu ya mpangaji ambaye yuko kazini.

Kwenye ukuta wa mwisho nililaza mfereji mfuniko ukitazama chini kidogo, na kona niliiacha na upenyo mdogo upande wa chini, ili maji ya kusi yakiingia yatoke. Plagi mbili zilibanwa baada ya kebo kupita, zikajaribiwa kwa kipimo cha taa nane. Taa zote zilipita kwa mpangilio. Inafaa kujua kwamba runinga ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, za nambari 1, 2, 3 na 6, kwa hiyo runinga inaweza kufanya kazi huku nyuzi nyingine zikiwa zimekatika. Kama nisingetumia kipimo, kosa lingejitokeza siku mtu atakapochomeka kifaa cha kasi zaidi.

Kwenye runinga tulifungua sehemu ya Network, tukachagua Wired, na tukafuta nenosiri la waifai. Kufuta huko ni muhimu, kwa sababu baadhi ya runinga hurudi kwenye waifai dhaifu bila kusema, na mwenye nyumba akadhani kebo ni mbovu. Kipimo cha kasi kilisoma 19 na kitu, karibu sawa na sebuleni.

Kilichobaki ni mkataba. Ruhusa ile ni ya meneja huyu, na ajenti hubadilishwa. Upangaji wa nambari 3 utakapofanywa upya, binti ataomba sentensi moja iongezwe kwenye mkataba, inayotaja barua ya ruhusa kwa tarehe yake, na nakala ya mchoro ibandikwe nyuma.